Ripoti Inayosoma Tu Ilivyokwamisha Miamala Yetu, na Jinsi Tulivyoitenga

Nasimamia hifadhidata ya kampuni ya mawakala wa malipo hapa Dar es Salaam. Wakala anauza umeme, anapokea bili za maji na ving'amuzi, anauza muda wa maongezi. Kila malipo yakipita, mfumo unafanya mambo matatu kwa pamoja: unaandika mstari mpya kwenye jedwali la `miamala`, unapunguza salio la wakala, na unaongeza kamisheni kwenye akaunti moja kuu ya kampuni. Hayo yote yamo ndani ya PostgreSQL, kwenye seva moja.

Tatizo letu lilikuwa na majira yake. Mwisho wa mwezi, jioni, wakati watu wamepata mishahara na wananunua umeme, mfumo ulianza vizuri, ukawa mzito kidogo kidogo, kisha mawakala wakaanza kupiga simu kwamba malipo yanazunguka tu kwenye skrini. Baadaye kidogo programu zenyewe zilikataliwa mlangoni na ujumbe `FATAL: sorry, too many clients already`. Halafu, bila mtu kugusa kitu, hali ikarudi kuwa ya kawaida.

Jioni hizo hizo ndipo idara ya uhasibu ilipoendesha ripoti ya kamisheni, inayolinganisha mapato ya kila wakala na miezi yake yote ya nyuma. Ilichukua kama dakika 50. Nilipomfuata mhasibu mkuu, alinijibu jambo ambalo watu wengi wa kompyuta pia wangelijibu: "Kaka, mimi nasoma tu. Sibadilishi hata shilingi. Nitamzuiaje anayeandika?"

Kwa upande wa kufuli alikuwa sahihi kabisa. Katika PostgreSQL anayesoma hamzuii anayeandika, na nilipokagua kufuli sikuikuta ripoti yake ikimshikilia mtu. Jambo la pili lilishangaza zaidi: ripoti haikuligusa kabisa jedwali la `salio`, lenye salio za mawakala na ile akaunti kuu ya kamisheni, na huko ndiko miamala ilikokuwa inakwama.

Ili kuona sababu, tazama kinachotokea salio linapobadilika. PostgreSQL haifuti thamani ya zamani na kuandika mpya juu yake. Inaandika toleo jipya la mstari, na toleo la zamani linabaki palepale hadi iwe na uhakika kwamba hakuna anayelihitaji tena. Hapo ndipo kazi iitwayo `VACUUM` inapopita na kulisafisha. Na ripoti, pale inapoanza, inapewa picha ya hifadhidata nzima kama ilivyokuwa dakika ile, ili jumla zake zisichanganye ya saa kumi na moja na ya saa kumi na mbili. Muda wote ripoti inapoendelea, picha hiyo lazima ilindwe. PostgreSQL haijui kama ripoti itafika kwenye jedwali la `salio` au la, kwa hiyo inalinda matoleo ya zamani ya majedwali yote ya hifadhidata ile.

Sasa chukua ule mstari mmoja wa kamisheni kuu. Jioni ya mwisho wa mwezi tulikuwa na miamala kama 40 kwa sekunde, na kila mmoja unaubadilisha mstari huo. Dakika 50 ni sekunde 3,000. Ripoti inapokaribia kwisha, mstari mmoja una matoleo kama 120,000 na hakuna hata moja linaloruhusiwa kufagiwa. Kila muamala mpya unaotafuta salio la sasa unapitia rundo hilo ukiuliza, hili ni hai? hili je? Faharasa haisaidii, maana inaelekeza kwenye rundo lilelile.

Hesabu ya foleni ndiyo inayoeleza kwa nini mambo yalikuwa shwari kwa muda mrefu kisha yakaharibika ghafla. Miamala 40 kwa sekunde inayopita kwenye mstari mmoja, mmoja baada ya mwingine, maana yake kila muamala una milisekunde 25 tu za kuushika. Siku ya kawaida muamala wetu unatumia chini ya milisekunde tano, nafasi ni tele. Rundo linapokua, tano inakuwa kumi, kumi inakuwa ishirini, na mawakala hawaoni chochote. Ikipita 25, foleni haiwezi tena kupungua. Kila anayesubiri ameshika muunganisho wake, na kikomo cha miunganisho, ambacho kwa PostgreSQL isiyorekebishwa ni 100, kinajaa ndani ya muda mfupi.

Mtu anayeshuku kwamba ana ugonjwa huu anaweza kuuthibitisha wakati hali ikiwa mbaya. Swali hili linaonyesha nani ameshikilia picha ya zamani kuliko wote:

```sql
SELECT pid, usename, now() - xact_start AS muda,
       age(backend_xmin) AS umri
FROM pg_stat_activity
WHERE backend_xmin IS NOT NULL
ORDER BY umri DESC;
```

Kwetu, juu kabisa alikaa mtumiaji wa uhasibu. Kisha nikaendesha `VACUUM VERBOSE salio;` na jibu lake likawa na maneno `are dead but not yet removable`, pamoja na idadi kubwa mno kwa jedwali lenye mistari elfu chache tu. Ukiyaona maneno hayo, kuongeza RAM au diski ya kasi hakutakuponya. `VACUUM` inafanya kazi, ila imezuiwa kufagia. Na ndiyo maana mfumo ulijiponya wenyewe: ripoti ilipokwisha, ufagizi wa kiotomatiki ukapita, rundo likatoweka.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuhamishia ripoti kwenye seva nakala, ile inayopokea kila badiliko kutoka seva kuu. Wengi huishia hapo, na ningependa wajue mipaka yake. Ripoti ilikatwa katikati kwa ujumbe `canceling statement due to conflict with recovery`. Seva kuu, isiyojua kuna ripoti inayoendelea kwenye nakala, ilifagia matoleo ya zamani na kutuma taarifa ya ufagizi huo. Nakala ikavumilia sekunde 30, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha `max_standby_streaming_delay`, kisha ikamkata msomaji. Ukiwasha `hot_standby_feedback`, nakala inaiambia seva kuu isifagie, na umerudi kwenye ugonjwa uleule kwa kupitia mlango wa nyuma. Ukiongeza muda wa kuvumilia, nakala inabaki nyuma ya seva kuu kwa muda huohuo. Sisi tulichagua kuongeza muda, kwa kuwa nakala ile haikuwa ya dharura, na tukapata nafasi ya kujenga ghala la data, yaani hifadhidata ya pembeni kwa ajili ya ripoti.

Ghala tulilijenga kwenye ClickHouse, na tofauti yake na hifadhidata ya miamala inaanzia kwenye jinsi data inavyolala kwenye diski. PostgreSQL inauweka mstari mzima pamoja, ndani ya kurasa za kilobaiti 8. Hilo ndilo unalolitaka wakala anapolipa: muamala mmoja, taarifa zake zote, mahali pamoja. Ripoti yetu inahitaji kinyume chake. Jedwali la `miamala` lilikuwa na mistari kama milioni 200, kila mmoja karibu baiti 500, yaani gigabaiti 100 hivi. Ripoti inataka safuwima tano tu: tarehe, wakala, huduma, kiasi na kamisheni. Kwenye PostgreSQL, kuzipata hizo tano ni lazima kusoma kurasa zenye namba za risiti, namba za simu na maelezo mengine yote. ClickHouse inaweka kila safuwima peke yake. Tano zile ni kama baiti 30 kwa mstari, yaani gigabaiti 6, na zikibanwa zinapungua zaidi, kwa sababu jina la huduma lilelile linajirudia mamilioni ya mara. Ripoti ya dakika 50 sasa inamalizika kwa sekunde kadhaa.

Kazi iliyotutoa jasho ilikuwa kuhamisha data bila kupoteza muamala hata mmoja. Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kuchukua kila usiku mistari ambayo muda wake ni mkubwa kuliko ule wa mwisho tuliouchukua. Lina tundu. Kwenye PostgreSQL, `now()` ni muda muamala ulipoanza, si ulipothibitishwa. Muamala ulioanza sekunde mbili kabla ya saa sita usiku na kuthibitishwa sekunde tano baada yake unaweza kuwa haujaonekana wakati tunasoma, na kesho yake tunauruka kwa kuwa muda wake ni wa jana. Zaidi ya hapo, kwetu malipo yanaweza kurudishwa ndani ya saa 48, kwa hiyo mstari tuliokwisha kuuhamisha unaweza kubadilika. Tulichofanya ni kufuta siku tatu za mwisho ghalani kila usiku na kuzipakia upya, tukisoma kutoka kwenye nakala kwa vipande vya miamala ya saa mojamoja, ili hata usomaji huo usishike picha kwa muda mrefu.

Kila asubuhi tunalinganisha pande mbili, kwa kila siku: idadi ya miamala na jumla ya fedha. Wiki za mwanzo jumla ya mwezi ilikaribiana sana, lakini siku mojamoja hazikulingana, leo pungufu, kesho ziada. Dalili hiyo ni ya saa za eneo, data haijapotea. Seva inaandika kwa UTC, na saa sita usiku ya kwetu ni 21:00 ya UTC, kwa hiyo malipo ya kati ya saa sita usiku na saa tisa alfajiri yalihesabiwa siku iliyopita. Tulipoweka `Africa/Dar_es_Salaam` wakati wa kukata tarehe, siku zikalingana.

Mhasibu mkuu alikuwa na shaka moja ya haki: ghala linaishia jana, naye mara nyingine anaulizwa habari ya leo. Kwa hilo tumemwachia njia ya kwenda seva kuu, kwa mtumiaji mwenye ruhusa ya kusoma tu na kikomo hiki:

```sql
ALTER ROLE ripoti SET statement_timeout = '30s';
```

Miamala ya leo ya wakala mmoja inapatikana kwa faharasa ndani ya sekunde moja. Swali linalozidi sekunde 30 linakatwa lenyewe, na kwa miamala 40 kwa sekunde, sekunde 30 ni matoleo 1,200 tu kwenye ule mstari wa kamisheni.