Oda za Sabasaba

Wakati huo nilikuwa nashika hesabu za duka la magauni ya vitenge la Sinza, lililouza mtandaoni na kupeleka mizigo kwa bodaboda. Julai moja mwenye duka alitangaza msimbo wa punguzo, SABASABA15, uliompunguzia mnunuzi asilimia 15 ya bei, na mauzo yakapanda kutoka shilingi 8,000,000 za Juni hadi 10,920,000. Dukani kulikuwa na furaha, lakini sikutaka kuandika tarakimu ya faida kabla ya kutenga oda zenye msimbo na zile za bei kamili.

Gauni liliuzwa 40,000. Kitambaa cha Kariakoo na ujira wa fundi vilichukua 24,000, bodaboda 5,000 iliyolipwa na duka, mfuko na makato ya malipo ya simu kama 1,000. Oda ya bei kamili iliacha 10,000. Oda yenye msimbo iliingiza 34,000, ilhali muuza vitambaa, fundi na dereva hawakupunguza chochote, kwa hiyo zile 6,000 zilitoka zote kwenye faida, ikabaki 4,000. Asilimia 15 ya bei ilikuwa asilimia 60 ya faida, na zilihitajika oda mbili na nusu zenye msimbo kufidia moja ya bei kamili.

Juni tulikuwa na oda 200, faida 2,000,000. Julai zilikuwa 300, lakini 180 kati yake zilitumia msimbo, na za bei kamili zilishuka hadi 120. Faida ikawa 1,200,000 na 720,000, yaani 1,920,000.

“Dada, tumeshona magauni 100 zaidi, na faida imepungua kwa 80,000,” nilimwambia.

“Lakini tumepata wateja wapya, mdogo wangu,” alijibu, na hoja yake ilistahili kupimwa. Nililinganisha namba za simu za oda zile 180 na daftari la miezi iliyotangulia, nikakuta 80 ni za watu waliokwisha kununua kwetu. Si lazima kila mmoja wao angenunua Julai kwa bei kamili, ila pengo la oda za bei kamili lilikuwa 80 vilevile, na hilo lilinitosha kuamini kwamba sehemu kubwa ya punguzo tuliwapa watu waliokuwa wanakuja hata bila kuitwa. Wale 100 wapya wangetulipa baadaye tu, kama wangerudi bila msimbo.

Tulikubaliana kwamba msimbo unaofuata ufanye kazi kwa oda ya magauni mawili pekee, kwa kuwa bodaboda huenda mara moja: 68,000 zikiingia, ukitoa 48,000 za magauni, 5,000 za dereva na 2,000 za mifuko na makato, zinabaki 13,000, zaidi ya faida ya gauni moja la bei kamili.