Somo la ng'ombe: nilivyoacha kuonyesha maandishi mapema

Mi nafundisha Kiswahili kwa wageni kwenye chaneli ya video, narekodi chumbani kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma, tena usiku maana mchana upepo wa kiangazi wote unaingia kwenye maiki. Mwanzoni jamaa mmoja alinishauri neno likae skrini muda wote, mtu asome huku anasikia. Nikafuata, na ule ushauri umenipotezea miezi mitatu mizima.

Nilishtuka kwa dada mmoja mgeni aliyemaliza masomo yangu yote kumi. Tumesimama barabarani anataka bajaji ya Chang'ombe, akasema "Chan-gombe", dereva akamuuliza mara mbili anaenda wapi. Nikamwambia dada, hili neno si lipo somo la nne? Akajibu, "Ndiyo kaka, nimelisoma." Amelisoma! Macho yaliona n na g yakazitamka kwa lugha ya kwao, masikio hayakufanya kazi yoyote.

Nikalivunja lile somo. Sasa inatokea picha ya ng'ombe bila herufi hata moja, natamka mara tatu, na kila nikitamka nanyamaza muda wa kutosha mtu kulisema neno mara mbili. Mwanzo nilikuwa naacha sekunde moja nikiogopa watachoka, kumbe kwa sekunde moja mtu anasikiliza tu, mdomo haufunguki. Mara ya nne ndo maandishi yanakuja, ile ritifaa nimeipaka nyekundu.

Halafu kuna kipimo cha pua, hiki nakipenda sana. Mwanafunzi anavuta ng' ndefu, ng'ng'ng', katikati anabana pua kwa vidole. Sauti ikikatika hapo hapo yuko sawa, maana ng' hewa yake yote inapita puani. Kisha anatamka ngoma, asikie g inavyopasuka nyuma ya ulimi, kwenye ng'ombe isiwepo kabisa. Yule dada alibana pua wiki nzima, sa hivi akisema Chang'ombe bajaji inaondoka.

Hatua ya kwanza kila somo lina maneno nane tu, na ng'ombe anarudi somo linalofuata, anarudi tena baada ya masomo matatu, hatua ya pili anaingia kwenye sentensi. Huko ndo napaka rangi silabi yenye mkazo, LE-ta, le-TE-a, waone mkazo unavyohama neno likirefuka ila unabaki silabi ya pili kutoka mwisho. Hatua ya tatu ni mazungumzo ya sokoni, wanasikiliza mara ya kwanza bila maandishi.

Kwenye gh pua haisaidii, hapo nawaambia wafanye kama wanasukutua maji kooni ndo waseme ghali. Na nawaeleza mapema kwamba mtaani watawasikia wengi wanasema "gali", wasidhani wamefundishwa vibaya.