Nilivyoandika mchanganuo wa gharama za kuongeza chumba kimoja

Fundi wa kwanza niliyemwita aliniletea karatasi yenye mstari mmoja: "Kujenga chumba, vifaa na ufundi," na jumla yake mbele. Jirani akanishauri nichukue gharama ya nyumba mpya kwa mita ya mraba nizidishe kwa ukubwa wa chumba, basi. Ushauri huo unanikera mpaka leo. Chumba cha kuongeza hakina kuta nne mpya, na kina kazi ambazo nyumba mpya haina kabisa, zile za pale kipya kinapokutana na cha zamani. Nikaamua kuandika mwenyewe.

Chumba changu kwa ndani ni mita 4 kufuata ukuta wa zamani na mita 3 kutoka nje, ukuta wa tofali za milimita 150. Kuta mpya ni tatu tu. Nilipima kwa mstari wa katikati ya ukuta: wa mbele ni 4.15 na kila wa pembeni ni 3.075, jumla mita 10.30. Fundi mwingine alikuwa amezunguka chumba kizima kwa nje na kupata 15.20. Karibu mita 5 za msingi ambao hakuna mtu angeuchimba!

Hapo kwenye msingi pana jambo ninalojivunia kulibaini. Msingi wa zamani una upana wa milimita 600, kwa hiyo umechomoza milimita 225 nje ya ukuta wake. Mtaro mpya unaishia ubavuni mwa msingi huo, haufiki ukutani. Nikatoa 0.225 kila upande, nikabaki na 9.85. Mstari wa kwanza ukasomeka hivi: "Kuchimba mtaro wa msingi upana 600, kina 900 kutoka usawa wa ardhi, kwa mkono, bei ijumlishe kurudishia udongo na kusambaza uliobaki hapo kiwanjani. Mita za ujazo 5.32." Maneno ya mwisho ndiyo yanayokuokoa, kwa sababu bila hayo udongo uliobaki unadaiwa baadaye kama kazi ya ziada.

Ukuta juu ya msingi una urefu wote wa mita 10.30 na kimo cha mita 2.70, ukitoa dirisha la 1.5 kwa 1.2 zinabaki mita za mraba 26. Mlango sikuutoa humo, kwani unatobolewa kwenye ukuta wa zamani, na ukaandikwa peke yake kwa idadi, 1: kuegemeza ukuta wa juu kwa miti, kubomoa 0.9 kwa 2.1, kuweka lenta, kupiga plasta kingo na kuondoa kifusi. Kazi kama hiyo ukiipimia kwa mita ya mraba utaidhulumu au itakudhulumu.

Bei ya mita moja ya mraba ya ukuta niliijenga kutoka chini. Tofali la 450 kwa 225 linaingia karibu 10 kwa mita, ongeza asilimia 5 za kuvunjika, 10.5. Mfuko wa saruji wa kilo 50 nilikadiria utajenga kama mita 6 au 7. Kwa ufundi, chukua malipo ya siku ya fundi na msaidizi wake, gawa kwa mita wanazojenga kwa siku. Mimi niligawa kwa 8. Mwisho weka faida ya mkandarasi. Ukishakuwa na namba hiyo, hakuna wa kukutajia bei hewani.

Halafu ile mistari inayosahaulika. Jengo jipya huendelea kutitia wakati la zamani limeshatulia, ndiyo maana ufa wa wima hutokea kwenye maungio. Nikaandika vipande vya nondo vya kufungia ukuta mpya kwa wa zamani kila mistari mitatu ya tofali, kwa mita za wima, 5.40. Bati la kuziba maungio ya paa na ukuta, kwa mita pia. Ukilikosa hilo, mvua ya kwanza itakuonyesha.

Mafundi niliwapa jedwali lenye vipimo vimejazwa na safu ya bei tupu. Mmoja akaweka bei ya kuchimba mara mbili ya wenzake. Alikuwa amehesabu gari la kubeba udongo, wakati maelezo yanasema usambazwe hapohapo. Akaisahihisha mbele yangu.

Tulipochimba, udongo ulikuwa laini, ikabidi tushuke hadi milimita 1,100. Nyongeza ilikuwa mita za ujazo 1.18 za kuchimba na mita za mraba 2.06 za ukuta wa msingi. Bei zote mbili zilikuwa tayari kwenye jedwali, tukazidisha na kusaini asubuhi hiyohiyo.