Nauli 16 kwa Wiki

Wiki ya pili ya mafunzo kazini nilimkuta msimamizi wangu akitoka kikaoni. Nikamwamkia, kisha nikamwambia, "Dada, naomba mnifikirie kidogo kwenye nauli na chakula." Alinijibu kwa upole kwamba ataliangalia. Siku zikapita kimya. Sikumlaumu, maana nilikuwa sijampa kitu cha kuangalia. Ombi langu halikutaja kiasi wala tarehe ya kuanza, na lilichanganya mambo mawili ambayo ofisini hulipwa kwa njia tofauti. Angeenda kwa mhasibu aseme nini?

Kabla ya kumrudia wiki ya nne, niliisoma upya barua yangu ya kukubaliwa. Ilisema mafunzo hayana mshahara. Kuhusu nauli haikusema lolote, na hapo ndipo palikuwa na mlango. Posho ya kila mwezi hupitia rasilimali watu na huhitaji fungu lake kwenye bajeti, kwa hiyo jibu la kawaida ni kwamba bajeti imeshapita. Kurudishiwa nauli uliyokwisha kutoa ni jambo jingine: ni matumizi ya idara, na idara nyingi huwa na fedha za matumizi madogo madogo ambazo mkuu wake huidhinisha kwa sahihi tu. Nikaliacha neno "posho" kabisa.

Hesabu niliifanya kwa nauli halisi. Nilikuwa napanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, yaani nauli 4 kwa siku, 20 kwa wiki. Mafunzo yalikuwa ya wiki 12 na zilibaki 8, hivyo nauli 160. Kisha nikatazama kazi zangu. Ijumaa nzima niliitumia kuandika ripoti ya wiki, kazi isiyohitaji kitu chochote cha ofisini. Nikiiandikia nyumbani, nauli zinashuka hadi 16 kwa wiki, 128 kwa muda wote uliobaki. Niliona ni haki kumpelekea msimamizi nafuu hiyo pamoja na ombi. Wiki nne za mwanzo sikuzidai, kwa sababu madai ya nyuma humlazimu mtu aeleze kwa nini hakuyaidhinisha mapema, na hapo huanza kujitetea.

Nilimtumia ujumbe mfupi Jumatatu, nikiepuka siku za kufunga mwezi:

"Habari za kazi, Dada. Naomba dakika 10 wiki hii tuzungumzie nauli yangu kwa wiki 8 zilizobaki. Nimeambatisha hesabu ya ukurasa mmoja yenye njia mbili: kuja ofisini siku tano, au siku nne na ripoti ya Ijumaa niiandikie nyumbani. Ukiona kuna utaratibu mwingine unaofaa zaidi, nitaufuata. Asante."

Sikuandika habari za shida za nyumbani. Zilikuwepo, lakini msimamizi hawezi kuziambatisha kwenye hati ya malipo.

Alipoketi nami aliuliza swali moja gumu: "Napanda wapi, nashukia wapi, nabadilisha gari wapi?" Alitaka kuifuata safari hatua kwa hatua kama angekuwa yeye ndiye abiria. Nilishukuru kwamba sikuongeza hata kituo kimoja, kwani kosa dogo pale lingeifanya karatasi yote itiliwe shaka. Akamwita mhasibu, na mhasibu akaleta kikwazo ambacho sikukitarajia: magari yale hayatoi risiti. Tukakubaliana nijaze karatasi ya kila siku yenye tarehe, kituo cha kuanzia, kituo cha kushukia na kiasi, msimamizi aitie sahihi kila Alhamisi. Mhasibu aliomba pia malipo yawe ya wiki, si ya mwezi. Fedha zile zilikuwa na kikomo kwa kila hati. Nauli 16 ziliingia chini yake, za mwezi mzima zingevuka na kuhitaji sahihi ya mkurugenzi.

Chakula cha mchana sikukigusa mpaka nauli ilipokubaliwa. Ndipo nikauliza tu, "Dada, kuna utaratibu wowote wa chakula ambao wanafunzi wa mafunzo wanaruhusiwa kuutumia?" Akasema chakula cha kila siku hawezi, ila siku za kutoka kwenda kukagua kazi nje, wafanyakazi huagiziwa chakula kwa idadi ya majina kwenye orodha ya safari. Jina langu halikuwa likiandikwa kwa sababu orodha ilinakiliwa kutoka orodha ya mishahara. Akamwambia mwandaaji aniongeze.

Malipo ya kwanza yalitoka Alhamisi iliyofuata, nauli 12 badala ya 16. Jumatano nilikuwa naumwa sikufika kazini, na nilikuwa nimeiacha mistari yake wazi.