Kumbukumbu ya mradi: maduara matatu ya wasafiri wa Dar

Mradi ni kutunga maswali ya dodoso kwa wanaosoma mada ya seti sekondari, yote yakihusu mambo ya hapa mjini. Swali la kwanza limekamilika na ndilo linaloelezwa hapa, kwa sababu limeonyesha wazi mahali ambapo maswali ya aina hii huharibika.

Mazingira yake ni usafiri. Watu 135 wanaulizwa: katika wiki iliyopita, umepanda daladala? Umepanda mwendokasi? Umepanda bodaboda? Anayetoka Mbezi kwa daladala, akaunganisha mwendokasi Kimara hadi Kivukoni, anaingia katika seti mbili. Tunahesabu watu, si safari: hata akipanda daladala mara kumi, ndani ya seti ya daladala yeye ni mmoja tu. "Wiki iliyopita" imewekwa makusudi. Ukiuliza "kwa kawaida unapanda nini?", wengi watataja chombo kimoja wanachokitumia zaidi, na sehemu ambazo maduara ya mchoro wa Venn, moja kwa kila chombo, yanapishana zitapungukiwa watu.

Namba za swali (za zoezi, si za utafiti halisi)

Waliopanda daladala, n(D) = 70. Mwendokasi, n(M) = 55. Bodaboda, n(B) = 50. Daladala na mwendokasi, n(D ∩ M) = 26. Daladala na bodaboda, n(D ∩ B) = 19. Mwendokasi na bodaboda, n(M ∩ B) = 15. Watu 13 hawakupanda chochote kati ya hivyo. Wangapi walipanda vyote vitatu?

Waliopanda angalau kimoja ni 135 − 13 = 122. Tuwaite waliopanda vyote vitatu x. Ukijumlisha maduara yote, 70 + 55 + 50, unapata 175. Hapo aliyepanda viwili amehesabiwa mara mbili, na aliyepanda vyote mara tatu. Ukitoa makutano ya jozi, 26 + 19 + 15 = 60, aliyepanda viwili anabaki amehesabiwa mara moja kama inavyotakiwa. Lakini aliyepanda vyote yumo katika jozi zote tatu, kwa hiyo ametolewa mara tatu na hayumo tena. Inabidi arudishwe:

n(D ∪ M ∪ B) = 175 − 60 + x = 122

Hivyo x = 7.

Kuchora kunaanzia katikati, na hapa hatuna mjadala. Andika 7 pale maduara yote matatu yanapokutana. Kisha jaza jozi: daladala na mwendokasi bila bodaboda, yaani D ∩ M ∩ B′, ni 26 − 7 = 19. Jozi nyingine zinatoa 12 na 8. Mwisho kabisa ndipo unapata wa chombo kimoja: daladala pekee 70 − 19 − 12 − 7 = 32, mwendokasi pekee 21, bodaboda pekee 23. Nje ya maduara, ndani ya mstatili, andika 13. Jumlisha maeneo yote manane. Lazima yafike 135, na yanafika. Anayeanzia pembeni kwa kuandika 70 ndani ya sehemu ya daladala pekee amewahesabu upya watu 38 ambao wana maeneo yao mengine.

Tatizo la "na"

Hapa ndipo mradi ulipopata uzito. "Watu 26 walipanda daladala na mwendokasi" inasomeka kwa namna mbili: pamoja na waliopanda bodaboda pia, au bila wao. Alama n(D ∩ M) haina utata, daima inawajumuisha. Sentensi ya Kiswahili bila alama inao.

Tulijaribu kulisoma swali kwa maana ya pili, yaani 26, 19 na 15 ni wa viwili pekee. Aliyepanda vyote sasa hayumo katika namba za jozi, bado amehesabiwa mara tatu, kwa hiyo anatolewa mara mbili: 175 − 60 − 2x = 122. Hiyo inatoa x = −3.5. Hakuna nusu mtu, wala mtu wa hasi. Na hii si bahati ya namba hizi. Jumla ya walio ndani ya maduara ikijulikana, maana ya kwanza inatoa x = 122 − 115 na ya pili inatoa 2x = 115 − 122. Moja ikiwa chanya, nyingine ni hasi, isipokuwa zote zikiwa sifuri. Msomaji makini anaweza kugundua mwenyewe maana iliyokusudiwa.

Kinga hiyo inapotea ukigeuza swali. Mpe 7 ya katikati, umwulize wangapi hawakupanda chochote. Maana ya kwanza inatoa 13. Kwa maana ya pili, daladala pekee ni 18, mwendokasi pekee 7, bodaboda pekee 9. Jumla ndani ni 101 na nje wanabaki 34. Hakuna hasi, hakuna nusu, maeneo yote yanajumlika hadi 135, na bado jibu si lililokusudiwa. Kwa hiyo uamuzi wetu: swali linaloficha walio nje lazima liandikwe "wakiwemo waliopanda vyote vitatu" au "bila bodaboda". Bila maneno hayo halichapwi.

Namba zisipotosha

Ukificha 7 na 13 zote mbili, swali halina jibu moja, ila lina mipaka. Katikati haiwezi kuzidi jozi ndogo kabisa, 15. Walio nje ni 20 − x. Kwa hiyo x ni kati ya 0 na 15, na walio nje ni kati ya 5 na 20. Binafsi naona hili ni zuri kuliko swali lenyewe, kwani linamfundisha mwanafunzi kutaja kile ambacho data inaruhusu tu.

Fomu halisi

Kwa atakayekusanya majibu ya kweli, asihesabu jozi kwa mkono. Kila mtu apewe mstari mmoja katika lahajedwali, safu B, C na D zikiwa na 1 au 0 kwa daladala, mwendokasi na bodaboda. Kisha:

```
=COUNTIFS(B2:B136,1,C2:C136,1)
=COUNTIFS(B2:B136,1,C2:C136,1,D2:D136,0)
```

Fomula ya kwanza ni seti D ∩ M yote, yaani daladala na mwendokasi. Ya pili ni bila bodaboda. Kisanduku kilichoachwa tupu hakihesabiwi kama 0, kwa hiyo mtu aliyeruka swali moja anatoweka katika maeneo yote manane. Dalili yake ni jumla kuwa chini ya 135. Usimjazie 0 kwa kukisia; mwondoe na upunguze jumla kuu.

Kinachofuata

Tunaongeza pantoni ya Kigamboni kama seti ya nne. Hapo maduara hayatoshi: maduara manne yanagawa ukurasa katika maeneo 14 tu kwa wingi, na seti nne zinahitaji 16. John Venn mwenyewe, katika makala yake ya 1880, alitumia duaradufu kwa seti nne. Tumechora rasimu kwa duaradufu. Maeneo yote 16 yapo, ila mengine ni membamba mno kuandikiwa namba, kwa hiyo swali hilo tutalitoa kwa jedwali la mistari 16.