Gari kuchemsha kwenye foleni tu: nilivyolitatua

Kama gari linachemsha kwenye foleni ya Sabasaba, halafu ukishika barabara ya Morogoro geji inashuka, anza na feni. Ukienda kasi, upepo wenyewe unapoza rejeta. Ukisimama, kazi yote ni ya feni.

Langu tulibadilisha themostati, tukaosha rejeta, wapi! Fundi akawasha kiyoyozi: feni kimya. Akaiunga moja kwa moja na betri, ikazunguka, kumbe mota nzima. Akajaribu rilei nyingine ya aina ileile, bado. Ndipo akachomoa soketi ya feni. Pini moja imeungua na plastiki imeyeyuka kwa ndani, ila kwa nje huoni kitu kabisa. Tukafunga soketi mpya. Sasa geji inatulia katikati hata kwenye foleni ya saa nane mchana.