Makabrasha ya bodi na meneja wa Sengerema

Mwaka 2018 nilikuwa afisa utumishi wa taasisi ndogo ya mikopo yenye makao makuu Mwanza. Bodi ilitaka kujua kwa nini watu wanaacha kazi. Mkurugenzi, akijua makabrasha yanatumwa wiki moja kabla ya kikao, aliniambia nitengeneze jedwali lenye jina la kila tawi, meneja wake na asilimia ya walioondoka. "Wajumbe wataona wenyewe tatizo liko wapi," alisema.

Jedwali hilo lingemmaliza meneja wa Sengerema. Tawi lake lilikuwa na watu watano, wawili wakaondoka, basi asilimia 40. Kwenye tawi dogo hivyo mtu mmoja akihama kumfuata mumewe, grafu inapaa. Taasisi nzima ilikuwa na wastani wa wafanyakazi 60, na walioondoka walikuwa 21. Nilipowatenga walioachishwa na waliomaliza mikataba, wakabaki 16 walioacha wenyewe. Kisha nikawapanga kwa muda waliokaa kazini badala ya kuwapanga kwa tawi, na hapo ndipo mambo yakafunguka: 11 hawakufikisha mwaka, na karibu wote walikuwa maofisa mikopo. Sengerema, wakati huo ng'ambo ya kivuko cha Kigongo na Busisi, ndiko tulikozoea kuwapeleka wapya.

Barua zao za kuacha kazi hazikusema kitu. Zote ziliandika "sababu binafsi", na mahojiano ya kuondoka aliyafanya meneja yuleyule ambaye mtu angemhitaji kesho kama mdhamini wa kazi mpya. Nikaamua kuwapigia simu, kwa kuwa walishapata kazi kwingine na hawakuwa na cha kupoteza. Kijana mmoja alinieleza vizuri kuliko wote: "Dada, nilikabidhiwa vikundi vya wakopaji vya mtu aliyeondoka. Nusu hawarejeshi. Bonasi yangu inapimwa kwa marejesho. Miezi mitano sijaona bonasi, na mafuta ya pikipiki natoa mfukoni nasubiri kurudishiwa."

Kumbe tulikuwa na mtego unaojitega. Ofisa akiondoka, vikundi hukaa bila mfuatiliaji na mikopo huanza kuchelewa. Mpya anarithi deni asilolitoa yeye, anakosa bonasi, anaondoka, anamwachia mwingine deni kubwa zaidi. Meneja hakuwa na mamlaka ya kubadili kanuni ya bonasi. Kanuni hiyo ilipitishwa na bodi.

Kwenye gharama nilikaa na mhasibu, mtu mgumu, na nashukuru alikuwa mgumu. Tulichukua nafasi moja tu. Tangazo, usaili na mafunzo: shilingi 400,000. Ofisa mpya wa mshahara wa 500,000 alifanya kama nusu ya kazi kwa miezi mitatu, hivyo 750,000. Lakini nafasi ilikaa wazi miezi miwili, tukaokoa mishahara ya 1,000,000. Ikabaki 150,000. "Hiyo ndiyo hasara unayoipelekea bodi?" akaniuliza. Ndipo tukafungua ripoti ya marejesho. Katika miezi hiyo miwili mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 kwenye vikundi hivyo iliongezeka kwa milioni 4, naye akakadiria robo yake haitarudi. Jumla ikawa 1,150,000 kwa nafasi moja. Sikuizidisha mara 16, maana dereva akiondoka hakuna vikundi vinavyolala.

Malalamiko mawili kuhusu lugha ya meneja mmoja yalikuwepo, sikuyafukia. Niliyaandikia barua ya siri kwa mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye kuyachunguza na kumsikiliza mhusika. Bodi ingeyafanyia nini zaidi ya kunong'ona?

Makabrasha yakaenda bila majina ya mameneja na bila asilimia za matawi. Mapendekezo yalikuwa matatu: deni la kurithi litengwe kwenye hesabu ya bonasi kwa miezi sita, ndani ya notisi ya siku 28 anayeondoka azunguke na mrithi wake kila kikundi, ikibidi hata na ofisa wa muda, na mafuta yalipwe mwanzoni mwa mwezi.

Mwenyekiti, mama aliyewahi kuwa mkaguzi wa hesabu, hakuuliza nani anafukuza watu. Aliuliza nani atathibitisha kwamba deni ni la kurithi na si la huyu mpya. Tukakubaliana siku ya makabidhiano orodha ya wadaiwa isainiwe na maofisa wote wawili na meneja, nakala iende kwa mhasibu. Mapendekezo mawili ya kwanza yakapita. La mafuta likarudishwa hadi bajeti mpya, kwa sababu mjumbe mmoja alitaka kwanza kuona kilomita za kila pikipiki.